Angalau vifaranga 9 kati ya mayai 12: kufanya swali la binomia lililotumwa kwa picha

Picha iliingia saa tatu usiku, nikiwa nafunga banda la kuku. Mpwa wangu yuko mwaka wa kwanza katika chuo kimoja upande wa Nakuru, na ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Mjomba, shikamoo. Hili swali ni la kesho asubuhi. Naomba unionyeshe namba (c)." Ukurasa ulikuwa umepigwa chini ya taa moja, kivuli cha simu kimeangukia katikati, na karatasi ilikuwa na mkunjo uliopita juu ya tarakimu.

Nimefundisha hesabu Kisumu miaka mingi, na sasa nafuga kienyeji. Swali lenyewe lilihusu vifaranga, kwa hiyo lilinigusa kotekote. Lilikuwa limeandikwa kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili lilikuwa hivi:

Mkulima wa Ahero ananunua mayai ya kutotolesha. Uwezekano wa yai moja kuanguliwa ni 0.(kivuli). Anaweka mayai (mkunjo)2 kwenye inkubeta. X ni idadi ya vifaranga atakaopata.

(a) Taja masharti yanayohitajika ili X ifuate mgawanyo wa binomia, na ueleze kama yanaaminika hapa.
(b) Onyesha kwamba wastani wa X ni 9.6 na variansi yake ni 1.92.
(c) Tafuta uwezekano wa kupata vifaranga angalau 9.
(d) Mkulima anataka uwezekano wa kupata vifaranga angalau 9 usipungue 0.9. Anahitaji kuweka mayai mangapi?

Nitalipitia kama nilivyompitisha yeye. Jambo moja limebadilika: siku ile tulianza na (c) kwa sababu ya haraka, na hapa nimerudisha kila kitu mahali pake.

Kwanza, soma picha kabla ya kushika kikokotoo

Picha ya swali hupoteza vitu vitatu ambavyo ndivyo hasa hesabu inavihitaji: nukta ya desimali, ukingo wa kulia ambako maneno kama "angalau" hukatwa, na sehemu za swali zilizo juu au chini ya kipande kilichopigwa. Mwombe aliyetuma apige ukurasa mzima, hata kama anataka msaada wa sehemu moja tu. Akiituma kwa WhatsApp kama faili la hati badala ya picha ya kawaida, haitabanwa, na tarakimu hazitakuwa na ukungu unapozivuta karibu.

Mpwa wangu alikuwa ameshalala juu ya kitabu, simu haijibiwi. Kwa hiyo nilibaki na picha ile ile. Kwenye kivuli niliona kitu kinachoweza kuwa 8 au 3. Kwenye mkunjo, idadi ya mayai ingeweza kuwa 12 au 32. Usikisie. Mara nyingi sehemu nyingine ya swali imebeba namba iliyofichika, na hapa sehemu (b) ilikuwa imetaja wastani na variansi.

Katika binomia, ukiwa na majaribio n na uwezekano p wa kufaulu katika kila moja, wastani ni n × p. Variansi ni n × p × (1 − p). Ukigawanya variansi kwa wastani, n na p zinajifuta na kubaki 1 − p peke yake.

```
1 - p = 1.92 / 9.6 = 0.2
p     = 0.8
n     = 9.6 / 0.8 = 12
```

Wastani peke yake usingetosha. 12 × 0.8 ni 9.6, lakini 32 × 0.3 nayo ni 9.6! Mtu angeweza kusoma tarakimu zote mbili vibaya na wastani ukakubaliana naye. Variansi ndiyo iliyotoboa siri, kwa kuwa 32 × 0.3 × 0.7 ni 6.72, mbali kabisa na 1.92. Basi mayai ni 12 na p ni 0.8, na sehemu (b) tumeshaimaliza njiani.

Je, hii ni binomia kweli?

Wanafunzi wengi hukariri masharti manne na kuyamwaga kwenye karatasi kama orodha ya dukani: idadi ya majaribio imewekwa mapema, kila jaribio lina matokeo mawili tu, uwezekano wa kufaulu haubadiliki, na majaribio hayategemeani. Hapo unapata alama moja au mbili. Lakini swali limeuliza kama yanaaminika hapa, kwa mkulima huyu na inkubeta hii, kwa hiyo kila sharti lirudishwe kwenye mayai.

La kwanza ni rahisi. Mayai 12 yamewekwa na mlango ukafungwa. Lingekuwa jambo jingine kama angeendelea kuongeza mayai mpaka apate vifaranga 9, maana hapo idadi ya mayai ndiyo ingekuwa inabadilika na binomia ingekuwa imekwisha.

La pili linahitaji uamuzi mdogo. Yai la kuku huanguliwa baada ya siku 21 hivi. Siku ya 21 utakuta kifaranga aliyetoboa ganda akafia mlangoni. Je, huyo ni kufaulu au kushindwa? Sema mapema. Ukisema "kifaranga aliye hai nje ya ganda ndiye anayehesabiwa", matokeo yamebaki mawili.

La tatu linasema kila yai lina 0.8 ile ile. Kwa kweli yai lililotagwa jana na lile lililokaa wiki mbili kwenye bakuli jikoni hayana nafasi sawa. Sharti hili basi halitimii kikamilifu, ila madhara yake ni madogo kuliko watu wanavyoogopa. Tuseme mayai 6 yana uwezekano wa 0.9 na mengine 6 yana 0.7. Wastani unabaki 9.6. Variansi inakuwa 6 × 0.9 × 0.1 + 6 × 0.7 × 0.3, yaani 1.8 badala ya 1.92. Jibu la mwisho litayumba kidogo tu. Mkulima anaweza pia kupunguza tofauti hii kwa kumulika mayai kwa tochi kwenye giza karibu siku ya 7 na kutoa yasiyo na mishipa ya damu, lakini hapo p lazima ihesabiwe upya kwa mayai yaliyobaki.

Sharti la nne ndilo lenye meno. Mayai 12 yako ndani ya sanduku moja, chini ya taa moja, kwenye swichi moja. Stima ikipotea usiku kucha, haliharibiki yai moja huku jirani yake akibaki salama. Yanaharibika pamoja. Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza mayai yote ya awamu moja namna hiyo, nikafungua mlango asubuhi nikakuta baridi ya friji. Kwa hiyo "0.8 kwa kila yai" inaweza kuwa kweli kabisa kwenye kumbukumbu za mwaka mzima, na bado X isiwe binomia.

Hebu tuone tofauti hiyo kwa namba nitakazozitunga ili hesabu iwe nyepesi. Tuseme awamu 1 kati ya 10 hupatwa na kukatika kwa stima kwa muda mrefu na mayai yote yanakufa. Katika awamu 9 zilizobaki, kila yai huanguliwa kwa uwezekano wa 8/9, bila kutegemeana. Ukichukua yai lolote bila kujua awamu yake, uwezekano wake ni 0.9 × 8/9, yaani 0.8 ile ile ya swali. Wastani kwa mayai 12 ni 9.6 ule ule. Lakini angalia kinachotokea:

```
                        binomia          na stima
P(X = 0)                0.000000004      0.1
P(X >= 9)               0.7946           0.8674
variansi                1.92             11.31
```

Binomia inasema kukosa kifaranga hata mmoja ni jambo la mara nne hivi katika bilioni. Mfugaji anajua ni jambo la mara moja katika awamu kumi. Na bado uwezekano wa kupata angalau 9 umepanda badala ya kushuka, kwa sababu awamu nzuri zimekuwa nzuri zaidi ili kufidia zile zilizokufa. Ndiyo maana simwamini mtu anayesema kutegemeana "kunapunguza" au "kunaongeza" jibu. Kunasukuma matokeo kwenda kwenye ncha, na jibu lako linategemea umesimama upande gani wa kilima.

Mwenye daftari la awamu anaweza kugundua hali hii bila hesabu kubwa. Andika idadi ya vifaranga kwa kila awamu ya mayai 12. Ikiwa ni binomia yenye p ya 0.8, mkengeuko wa kawaida ni kipeuo cha pili cha 1.92, kama 1.4, kwa hiyo awamu nyingi zitakuwa kati ya 7 na 12. Ukiona 11, 10, 12, 0, 11, ile sifuri haikutokea kwa bahati ya yai mojamoja. Kuna kitu kimoja kilichoyashika yote.

Katika karatasi ya mtihani, jibu la (a) linatosha kwa sentensi chache: mayai ni 12 tangu mwanzo, kila moja linaanguliwa au halianguliwi, tunachukulia kuwa nafasi ni 0.8 kwa kila yai, jambo linaloelekea kuwa kweli kama mayai ni ya umri mmoja. Tunachukulia kuwa hayategemeani, jambo lenye shaka kwa sababu yanatumia inkubeta moja na hitilafu ya joto ingeyagusa yote. Kisha unaendelea na binomia, kwa kuwa (b) imeshakuambia namba za binomia. Kutaja shaka hakukuzuii kuhesabu.

Mtego wa trei

Kabla hatujaenda (c), kuna mfano mmoja wa karibu unaofanana na huu kwa sura lakini si wenyewe. Mama muuza mayai katika soko la Kibuye ana trei ya mayai 30, na 6 kati yake yameoza. Unachukua 5 bila kuangalia. Uwezekano wa kupata angalau bovu 1 ni upi?

Wengi huandika p = 6/30 = 0.2 na kutoa 1 − 0.8^5, wakapata 0.6723. Lakini kila yai unalotoa linabadilisha trei. Ukitoa zima la kwanza, yaliyobaki ni 29 na mabovu bado ni 6, kwa hiyo nafasi ya bovu imepanda. Hesabu sahihi ni kugawanya njia za kuchagua 5 kati ya mazima 24 kwa njia za kuchagua 5 kati ya yote 30:

```
1 - 42504 / 142506 = 1 - 0.2983 = 0.7017
```

Tofauti ni karibu 0.03. Kanuni ya mkono inayotumika sana ni hii: kama unachochukua ni chini ya asilimia 10 ya rundo, binomia itakuwa karibu vya kutosha. Hapa 5 kati ya 30 ni karibu asilimia 17, ndiyo maana imekosea. Kama angekuwa na lori la maelfu ya mayai yenye kiwango kile kile cha kuoza, 0.6723 ingetosha.

Jinsi ya kutambua kwenye picha: ukiona rundo limetajwa kwa idadi kamili pamoja na idadi ya mabovu ndani yake, simama. Ukiona asilimia au desimali bila idadi ya rundo, kama 0.8 ya mkulima wetu, huenda ni binomia.

Neno "angalau" linahesabu nini

Angalau 9 ni 9, 10, 11 au 12. Tisa imo. Inasikika rahisi mpaka usiku wa kuamkia mtihani. Kwenye karatasi ya Kiingereza kuna misemo kadhaa yenye maana hiyo hiyo, na mwingine unaosema "zaidi ya 9" ambao unaanzia 10. Mimi humwambia mwanafunzi achore mstari wa namba kutoka 0 hadi 12 na aweke penseli juu ya kila namba inayokubalika kabla ya kuandika alama yoyote ya hesabu.

```
0 1 2 3 4 5 6 7 8 | 9 10 11 12
```

Mstari wa kukatia uko kati ya 8 na 9. Kwa hiyo kinyume cha "angalau 9" ni "si zaidi ya 8". Kosa ninalokutana nalo kila muhula ni mtu kuondoa mpaka 9, akaitupa tisa yenyewe nje.

Sasa una njia mbili: kujumlisha upande wa kulia, vipande vinne, au kutoa upande wa kushoto kutoka 1, vipande tisa. Kulia ni kufupi, basi nenda kulia. Kama swali lingekuwa "angalau 2", kushoto kungekuwa na 0 na 1 tu, nawe ungetoa hivyo viwili kutoka 1. Hakuna sheria kwamba "angalau" daima ni moja toa kitu. Hesabu vipande vya kila upande, kisha chagua upande wenye vichache.

Kuhesabu (c)

Kila kipande kina sehemu tatu. Chukua X = 9. Mayai 9 yameanguliwa, kila moja kwa 0.8, na hiyo inatoa 0.8^9. Mayai 3 yameshindwa, kila moja kwa 0.2, na hiyo inatoa 0.2^3. Halafu kuna njia ngapi za kuamua ni mayai yapi 3 yaliyoshindwa? La kwanza lina chaguo 12, la pili 11, la tatu 10, kisha gawanya kwa 3 × 2 × 1 kwa sababu mpangilio wa hayo matatu haujalishi. Inatoka 220. Kwenye vikokotoo vingi vya Casio ni `12 nCr 9`, ambapo nCr iko juu ya kitufe cha kugawanya na unaipata kwa SHIFT. `12 nCr 3` itatoa 220 hiyo hiyo, maana kuchagua washindi 9 ni sawa na kuchagua walioshindwa 3.

```
P(9)  = 220 * 0.8^9  * 0.2^3 = 0.236223
P(10) =  66 * 0.8^10 * 0.2^2 = 0.283468
P(11) =  12 * 0.8^11 * 0.2   = 0.206158
P(12) =   1 * 0.8^12         = 0.068719
jumla                        = 0.794568
```

Jibu ni 0.7946, ukikata kwenye desimali nne. Shikilia tarakimu sita mpaka mwisho. Ukikata kila kipande kwenye desimali mbili njiani utapata 0.24 + 0.28 + 0.21 + 0.07, yaani 0.80, na msahihishaji atajua ulikata mapema.

Kama unatumia majedwali yaliyochapwa, utakuta mengi yanaishia p ya 0.5. Mpwa wangu alidhani jedwali lake limekatwa kurasa. Hapana. Unageuza swali: badala ya kuhesabu yaliyoanguliwa, hesabu yaliyoshindwa. Uwezekano wa kushindwa ni 0.2, uko kwenye jedwali. Kupata angalau 9 ya kuanguliwa ni sawa na kupata si zaidi ya 3 ya kushindwa, kwa sababu 12 − 9 ni 3. Tafuta n = 12, p = 0.2, mstari wa 3 kwenye jedwali la jumla, utakuta 0.7946. Hapa ndipo watu hugeuza p wakasahau kugeuza alama. Ukibadilisha 0.8 kuwa 0.2, "angalau" lazima iwe "si zaidi ya", na 9 lazima iwe 3. Vitu vitatu vinageuka pamoja.

Mwenye kompyuta anaweza kuhakikisha kwenye lahajedwali:

```
=1-BINOM.DIST(8,12,0.8,TRUE)
```

Angalia ile 8. Neno `TRUE` linaiambia ijumlishe kuanzia 0 hadi 8, nawe unaondoa hiyo kutoka 1. Ukiandika 9 pale, umeitupa tisa tena.

Jibu lisilo sahihi linasema lilikotoka

Kabla ya kuhesabu ungeweza kukadiria. Wastani ni 9.6, na 9 iko chini yake kidogo, kwa hiyo angalau 9 lazima iwe zaidi ya nusu. Jibu lolote chini ya 0.5 ni la kurudiwa. Na katika swali hili, kila kosa la kawaida lina sura yake.

Ukipata 0.2054, umehesabu si zaidi ya 8 ukasahau kutoa kutoka 1. Ukipata 0.2362, hicho ni kipande cha 9 peke yake, umesoma "angalau" kama "hasa". Ukipata 0.5583, umeanzia 10. Ukipata 0.4417, hiyo ni nafasi ya 10, 11 na 12 iliyotolewa kutoka 1, makosa mawili kwa pamoja. Ukipata kitu chini ya 0.0001, umetumia 0.2 mahali pa 0.8 bila kugeuza alama. Mpwa wangu alinitumia 0.5583 alfajiri, nami nilimjibu kwa neno moja: "Tisa." Alielewa.

Sehemu (d): yai moja zaidi

Hapa n haijulikani, na hakuna kanuni safi ya kuipata kwa angalau 9. Kwa angalau 1 ingekuwepo, kwa sababu ungetumia 1 − 0.2^n na logi. Kwa 9 unajaribu tu n moja baada ya nyingine. Mayai 12 yametoa 0.7946, hayatoshi. Jaribu 13.

Kuna njia ya mkato ninayoipenda, haikulazimishi kuanza upya. Ukiwa na mayai 13, unapata angalau 9 kwa namna mbili: tayari 12 ya kwanza yametoa angalau 9, au yametoa 8 hasa na lile la 13 likaanguliwa.

```
P(8 kati ya 12) = 495 * 0.8^8 * 0.2^4 = 0.132876
0.794568 + 0.8 * 0.132876 = 0.900869
```

Ni 0.9009, imevuka 0.9 kwa nywele. Basi jibu la (d) ni mayai 13. Yai moja limepandisha uwezekano kwa zaidi ya 0.10, ndiyo maana usikate tamaa ukiona 12 iko mbali. Na usikate desimali hapa pia, kwa kuwa nafasi iliyobaki juu ya 0.9 ni chini ya 0.001.

Mpwa wangu aliandika 13 na kupata alama zake. Mimi nisingeweka 13 nikalala. Rudi kwenye mfano wa stima: awamu 1 kati ya 10 inakufa yote. Weka mayai 13, weka 20, weka 100 kwenye inkubeta hiyo moja, na uwezekano wa kupata angalau 9 hautafika 0.9, kwa sababu 0.1 imeshachukuliwa na giza kabla ya kuhesabu yai lolote. Ndiyo maana siku hizi nusu ya mayai yangu iko kwenye mashine, na nusu nyingine iko chini ya kuku anayeatamia nyuma ya jiko.